Kijiti cha Juu: Ramani ya Karnaugh na Mageti Saba ya NAND

Tarakimu nyekundu zinazoonyesha lifti imefika ghorofa ya ngapi, au zile za saa ya umeme ukutani, zimeundwa kwa vijiti saba vya taa. Mafundi wamevipa herufi. Kijiti cha juu kabisa ni a, kisha wanazunguka kulia kama mshale wa saa unavyokwenda: b, c, d cha chini, e, f, na g kinachokatiza katikati. Ikitakiwa 1, vinawaka b na c peke yao. Ikitakiwa 8, vinawaka vyote.

Sakiti inayohesabu haijui lolote kuhusu sura hizo. Inatoa nyaya nne tu, na kila waya ama una umeme ama hauna. Tuziite A, B, C na D. A ina thamani ya 8, B ya 4, C ya 2, na D ya 1, hivyo tarakimu 6 inafika ikiwa 0110, yaani 4 jumlisha 2. Kati ya nyaya hizo nne na kila kijiti lazima iwepo sakiti ndogo ya kuamua kama kijiti kiwake au kizime. Hapa tutaijenga ya kijiti kimoja tu, cha juu, tangu kwenye karatasi hadi kwenye pini za chipu, na tutatumia aina moja tu ya geti: NAND.

Anza kwa kuziandika tarakimu zote na kujiuliza, kwa kila moja, kama ina kile kijiti cha juu. 1 haina. 4 pia haina, kwa kuwa kichwa chake kiko wazi. Nyingine zote zinacho, na 6 tutaiandika yenye kofia, kama inavyoandikwa kwenye vifaa vingi leo.

```
Tarakimu   A B C D    a
   0       0 0 0 0    1
   1       0 0 0 1    0
   2       0 0 1 0    1
   3       0 0 1 1    1
   4       0 1 0 0    0
   5       0 1 0 1    1
   6       0 1 1 0    1
   7       0 1 1 1    1
   8       1 0 0 0    1
   9       1 0 0 1    1
 10-15                X
```

Mstari wa mwisho unahitaji maelezo. Nyaya nne zinaweza kupangika kwa namna 16, lakini tarakimu ni kumi. Mipangilio sita iliyobaki, kuanzia 1010 hadi 1111, haitatokea kamwe ikiwa kihesabuji kinarudi 0 baada ya 9. Kwa hiyo si lazima tuseme kijiti kifanye nini hapo. Tunaweka X, na maana yake ni haidhuru: iwe 0 au 1, vyovyote itakavyotufaa. Hizo X sita ndizo zitakazotupunguzia kazi kuliko kitu kingine chochote, na tutaona pia zinadai nini.

Mtu asiyejua njia nyingine angeijenga sakiti moja kwa moja kutoka kwenye jedwali. Kuna mistari minane yenye 1, na kila mstari ni sharti la vigeu vinne. Kwa tarakimu 5, kwa mfano, sharti ni: A hakuna, B upo, C hakuna, D upo. Kwa maandishi ya aljebra ya Boole tunaandika A'BC'D, ambapo alama ya ' ni kanusho, herufi zilizopangwa pamoja ni NA, na alama ya kujumlisha ni AU. Masharti manane ya namna hiyo yanataka mageti manane yenye maingizo manne kila moja, geti jingine lenye maingizo manane la kuyakusanya, na mageti manne ya kukanushia A, B, C na D. Jumla ni mageti 13. Itafanya kazi bila kosa lolote, ila utakuwa umetumia chipu sita kuwasha kijiti kimoja.

Upunguzaji wote unategemea jambo moja. Chukua 5 na 7:

```
A'BC'D + A'BCD = A'BD(C' + C) = A'BD
```

Mistari hiyo miwili inatofautiana kwa C tu, na yote miwili inataka 1. Basi C haina la kusema hapo, na inaondoka. Masharti mawili ya herufi nne yamekuwa sharti moja la herufi tatu. Kazi yote ni kutafuta jozi kama hizo, halafu jozi za jozi, mpaka zisipatikane tena. Ugumu ni kuziona. Kwenye jedwali la kawaida 5 na 7 hazikai pamoja, na 0 na 8 ziko mbali kabisa ingawa zinatofautiana kwa biti moja tu. Ukifanya kwa aljebra tupu, unaweza kufika mahali ukadhani umemaliza kumbe bado.

Mwaka 1952 Edward Veitch alitoa mchoro wa visanduku kwa ajili ya tatizo hili. Mwaka uliofuata Maurice Karnaugh, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Bell nchini Marekani, aliupanga upya. Alichobadilisha ni mpangilio wa mistari na safu. Badala ya kuhesabu 00, 01, 10, 11, yeye alihesabu 00, 01, 11, 10, ili kila hatua, hata ile ya kutoka mwisho kurudi mwanzo, ibadilishe biti moja tu. Kwa mpangilio huo, visanduku viwili vinavyogusana ubavuni daima vinatofautiana kwa kigeu kimoja. Kile ambacho aljebra inakitafuta kwa kupekua, jicho linakiona.

Jaza ramani kutoka kwenye jedwali letu:

```
             CD
         00  01  11  10
AB  00    1   0   1   1
    01    0   1   1   1
    11    X   X   X   X
    10    1   1   X   X
```

Kuwa mwangalifu katika kujaza. Mstari wa juu ni tarakimu 0, 1, 3, 2, kwa utaratibu huo. Wa pili ni 4, 5, 7, 6. Mstari wa mwisho ndio wenye 8 na 9, wala si wa tatu. Wanafunzi wengi hukosea hapa, maana mkono umezoea kuandika 00, 01, 10, 11. Ukizipanga safu hivyo, 5 na 6 zitakaa pamoja kana kwamba ni majirani, wakati zinatofautiana kwa biti mbili. Ukizifunga pamoja, herufi zinazobaki sawa ni A' na B tu, na sharti A'B linazibeba 4, 5, 6 na 7 zote. Utakapoiwasha sakiti, 4 itaota kofia na kuonekana kama 9. Ukiona hivyo, usihangaike na nyaya. Rudi kwenye karatasi.

Sasa tufunge makundi. Kundi lazima liwe la mstatili na liwe na visanduku 1, 2, 4, 8 au 16, kwa sababu kila mara kundi linapoongezeka maradufu kigeu kimoja kinaondoka. Kundi la viwili huacha herufi tatu, la vinne huacha mbili, la vinane huacha moja. Kila 1 lazima iwe ndani ya kundi angalau moja, na kisanduku kimoja kinaweza kuwa ndani ya makundi mawili au matatu bila shida. 0 haiingii popote. X inaingia pale inapolikuza kundi, na isipolikuza tunaiacha.

Napendelea kuanza na zile 1 zenye majirani wachache, kwa kuwa hizo hazina uchaguzi, na kundi linalozichukua halikwepeki. Tazama 9, yaani mstari wa 10, safu ya 01. Kushoto kwake kuna 8, kulia kuna X, juu yake kuna X. Ukipanua upande huo unapata mstari mzima wa 10, kisha mstari mzima wa 11 ulio juu yake: visanduku vinane, viwili vyenye 1 na sita vyenye X. Mistari hiyo miwili inashirikiana herufi moja tu, A. Sharti la kwanza basi ni A peke yake. Bila zile X, 8 na 9 zingebaki jozi na kutuachia AB'C', herufi tatu.

Tazama 3. Kushoto kwake kuna 0 ya tarakimu 1, hivyo inapanuka kwenda kulia na chini. Safu ya 11 na safu ya 10 zote mbili, kutoka juu hadi chini, hazina hata 0 moja. Ni visanduku vinane vingine, na kinachofanana ni C. Sharti la pili ni C.

Tazama 5. Kushoto kuna 0, juu kuna 0. Inabaki kulia kwa 7 na chini kwa X, na zikikamilishwa mraba tunapata vinne: 5, 7 na X mbili zilizo chini yao. Katika visanduku hivyo B ni 1 na D ni 1, ilhali A na C zinabadilika. Sharti la tatu ni BD.

Iliyobaki ni 0, ile ya pembe ya juu kushoto. Kulia kwake kuna 0 na chini kuna 0, na mtu angeweza kudhani iko peke yake. Lakini kumbuka kwamba kutoka 10 kurudi 00 pia ni biti moja. Ukingo wa kulia wa ramani unagusana na wa kushoto, na wa juu unagusana na wa chini. Kwa hiyo 0 ni jirani wa 2 iliyo pembe ya juu kulia, ni jirani wa 8 iliyo pembe ya chini kushoto, na pembe ya nne ina X. Pembe zote nne ni kundi moja. Katika pembe hizo B ni 0 na D ni 0, basi sharti ni B'D'. Kundi la pembe ndilo linalosahaulika kuliko yote. Asiyeliona hufunga 0 na 2 tu na kupata A'B'D', jibu lililo sahihi lakini lenye herufi moja ya bure.

Tumepata hivi:

```
a = A + C + BD + B'D'
```

Kila moja ya makundi hayo manne ina kisanduku chenye 1 ambacho hakuna kundi jingine linaloweza kukichukua: 9 kwa A, 3 kwa C, 5 kwa BD, 0 kwa B'D'. Kwa sababu hiyo jibu hili ni la pekee, na hakuna jumla nyingine ya masharti iliyo fupi zaidi. Si kila ramani inaishia hivyo. Nyingine hutoa majibu mawili au matatu yenye urefu mmoja, na hapo unachagua lolote. Kabla ya kuendelea, ipitie kila tarakimu. 1 ni 0001: A hakuna, C hakuna, B na D hazifanani, kijiti kinazima. 4 ni 0100, hivyo hivyo. Nyingine nane zote zina angalau sharti moja linalotimia. Kazi hii inachukua dakika moja na inaokoa jioni nzima ya kuchomoa nyaya.

Sasa tuje kwenye mageti. NAND ni NA iliyokanushwa: tokeo lake ni 0 pale tu maingizo yote yakiwa 1, vinginevyo ni 1. Mwaka 1913 Henry Sheffer alichapisha uthibitisho kwamba tendo moja la namna hii linatosha kujenga mengine yote ya aljebra ya Boole. Ukiunganisha maingizo yake mawili kwenye waya mmoja, NAND inakuwa geti la SI. Ukiweka SI mbele yake, unapata NA. Lakini sababu ya mafundi kuipenda iko ndani ya chipu. Katika teknolojia ya CMOS, NAND ya maingizo mawili inahitaji transista nne, huku NA ya kawaida ikihitaji sita, kwa kuwa kwa hakika ni NAND iliyoongezewa SI. Ukijenga kwa NA unalipia ukanushaji ambao mara nyingi utaukanusha tena mbele.

Kugeuza jibu letu kuwa NAND tupu tunafanya mambo mawili. Kwanza tunalikanusha mara mbili, jambo lisilobadilisha kitu. Pili tunaitumia sheria ya De Morgan kwa kanusho la ndani, inayosema kwamba kukanusha AU ni sawa na kukanusha kila kipande na kuviunganisha kwa NA:

```
a = ((A + C + BD + B'D')')'
  = (A' · C' · (BD)' · (B'D')')'
```

Soma mstari wa mwisho polepole, kwa sababu tayari ni mchoro wa sakiti. Kanusho la nje lenye vipande vinne ndani yake ni NAND ya maingizo manne. (BD)' ni NAND ya B na D. (B'D')' ni NAND ya B' na D'. Umbo la NA zinazoingia kwenye AU limegeuka kuwa NAND zinazoingia kwenye NAND, nafasi kwa nafasi, bila geti la ziada.

Isipokuwa sehemu moja, nayo ndiyo inayowaangusha wengi. Masharti yenye herufi moja, A na C, hayapiti kwenye geti la kwanza, basi hakuna kilichoyakanusha njiani. Lazima yaingie kwenye geti la mwisho yakiwa A' na C'. Mtu aliyezoea kwamba NAND-NAND ni sawa na NA-AU huunganisha A moja kwa moja, na kosa hilo linajitangaza lenyewe kwenye taa. A ikiingia bila kukanushwa, sakiti inakuwa A' + C + BD + B'D', na kijiti cha juu kinawaka kwa kila tarakimu kutoka 0 hadi 7. 1 inaonekana kama 7, 4 inaonekana kama 9, na 9 yenyewe inakosa kofia. Ikiwa ni C iliyoingia bila kukanushwa, 1 na 4 zinaota kofia vilevile, lakini zinazoipoteza ni 3 na 6. Kwa hiyo tazama nani amepoteza kofia: ikiwa ni 9, kagua waya wa A. Ikiwa ni 3 na 6, kagua waya wa C.

Tuhesabu mageti. Manne ya kukanushia A, B, C na D, moja la BD, moja la B'D', na moja la mwisho lenye maingizo manne. Ni mageti saba badala ya 13. Chipu inayoitwa 74HC00 ina NAND nne za maingizo mawili, na 74HC20 ina NAND mbili za maingizo manne. Mbili za kwanza na moja ya pili zinatosha, na zote hutumia volti 5, umeme ukiingia pini ya 14 na ardhi ikiwa pini ya 7.

Katika 74HC00 ya kwanza, peleka A kwenye pini 1 na 2, upate A' kwenye 3. B iende 4 na 5, B' itoke 6. C iende 9 na 10, C' itoke 8. D iende 12 na 13, D' itoke 11. Katika 74HC00 ya pili, B na D ziende pini 1 na 2, na (BD)' itatoka 3. B' na D' ziende 4 na 5, na (B'D')' itatoka 6. Katika 74HC20, peleka A', C', (BD)' na (B'D')' kwenye pini 1, 2, 4 na 5. Pini ya 3 haijaunganishwa na kitu ndani, usidanganyike ukaitumia. Jibu linatoka pini ya 6. Kutoka hapo weka rezista ya kilo-ohm 1 hadi kijiti a cha tarakimu ya aina ambayo vijiti vyote vina ardhi moja. Taa nyekundu hula takriban volti 2, zinabaki 3 za rezista, basi mkondo ni miliampia 3 hivi, ambao geti la HC linaumudu bila taabu.

Mageti ambayo hukuyatumia usiyaache yakining'inia. Ingizo la CMOS lisilounganishwa popote huelea kati ya 0 na 1, linaokota kelele za umeme zilizo hewani, na chipu inaweza kupata moto au kutoa matokeo yanayobadilika ukisogeza mkono tu. Yafunge maingizo hayo kwenye ardhi. Lakini ikiwa unatumia NAND ya maingizo manne kwa kazi ya matatu, ingizo la ziada la geti hilo lifungwe kwenye volti 5. Ukilifunga kwenye ardhi, tokeo litakuwa 1 milele. Weka pia kapasita ya nanofaradi 100 karibu na pini za umeme za kila chipu.

Je, kama dukani hakuna 74HC20? NAND ya maingizo manne inaweza kujengwa kwa NAND za maingizo mawili, ila si kwa kuzifuatanisha tu. NAND ya NAND mbili si NAND ya nne, kwa sababu makanusho ya katikati yanaharibu hesabu. Kila jozi lazima kwanza iwe NA kamili, yaani NAND ikifuatwa na SI, kisha jozi mbili zikutane kwenye NAND ya mwisho. Hayo ni mageti matano. Ukiyajumlisha na sita tuliyokuwa nayo unapata 11, na chipu tatu za 74HC00 zina 12. Idadi ya chipu ni ileile, na zote ni za aina moja.

Njia nyingine ya kupunguza ni kuangalia A, B, C na D zinatoka wapi. Zikitoka kwenye flipu-flopu kama zile za 74HC74, kila moja ina matokeo mawili, la kawaida na lililokanushwa. Hapo A', B', C' na D' unazipata bure, na kijiti chetu kinabaki na mageti matatu.

Ramani yenyewe ina mipaka yake. Inatazama kijiti kimoja kwa wakati. Sharti B'D' lililotuhudumia hapa linahitajika pia kwenye kijiti d na kijiti e, na geti moja lingeweza kuwahudumia wote watatu, lakini ramani ya a haikuambii hivyo. Anayejenga vijiti vyote saba anapaswa kuziweka ramani saba mezani na kutafuta makundi ya kushirikiana, hata ikibidi kijiti kimoja kiache kundi lake kubwa ili kitumie la jirani. Vigeu vikizidi vinne jicho linaanza kushindwa. Vitano vinataka ramani mbili zilizowekwa moja juu ya nyingine, sita vinataka nne, na kutoka hapo ni afadhali kutumia utaratibu wa majedwali ambao Edward McCluskey aliuchapisha mwaka 1956, au programu ya kompyuta.

Kuhusu zile X, tulisema kwamba zinadai kitu. Tulipozifunga ndani ya makundi hazikubaki haidhuru tena. Zote sita zimeingia kwenye kundi la A, na kwa hiyo zote zimekuwa 1. Umeme ukikatika na kurudi, kihesabuji kikajikuta kwenye 1101, kijiti cha juu kitawaka, na tarakimu itaonyesha sura ambayo hatukuipanga. Kwa saa ya ukutani hilo ni la kupita. Kwa kifaa kinachopima dawa hospitalini, mimi nisingekubali. Ningeziandika 0 zote sita ili kijiti kizime, na ramani ingenipa gharama yake:

```
a = A'C + A'BD + B'C'D' + AB'C'
```

Masharti ni manne kama mwanzo, lakini herufi ni 11 badala ya sita.

Imebaki ile 6. Chipu mashuhuri ya kuwashia vijiti saba, 7447, huiandika 6 bila kofia, na 9 bila kijiti cha chini. Tukitaka 6 ya namna hiyo, kisanduku kimoja cha ramani kinabadilika kutoka 1 kuwa 0. Kundi la C linavunjika, kwa kuwa sasa lina 0 ndani yake, na 3 inalazimika kutafuta kundi jingine. Inapata safu nzima ya 11, ambayo ni CD. 2 haina shida, pembe zinaibeba. Jibu jipya ni A + CD + BD + B'D'. Kwenye NAND, kipande cha C' kinaondoka na mahali pake panaingia (CD)'. Sasa angalia geti lililokuwa likikanusha C kwenye chipu ya kwanza. Ni NAND yenye C kwenye pini 9 na C kwenye pini 10. Chomoa waya wa pini 10, uupeleke kwa D, na geti hilohilo linatoa (CD)'. Mageti ni saba yaleyale, chipu ni tatu zilezile, na 6 imevua kofia kwa kuhamisha waya mmoja.